Kwa Nini Mapato na Madeni Hukaa Upande Mmoja

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhasibu ana lalamiko la haki. Ameambiwa kwamba mali na gharama huongezeka kwa debiti, na kwamba madeni na mapato huongezeka kwa krediti. Amekariri, lakini moyoni hajaridhika. Mali ni neema na gharama inauma, vipi viandikwe upande mmoja? Na mapato, ambayo kila mwenye duka anayaombea dua, yana udugu gani na deni?

Kinachomchanganya ni kudhani kwamba debiti na krediti hupima heri na shari. Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti, krediti ni upande wa kulia, basi. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiandika hivyo kabla hata Luca Pacioli hajauchapisha utaratibu wao kule Venisi mwaka 1494, nasi tumeurithi. Wangeamua kinyume, hesabu zingetoka vilevile. La kuuliza ni kila upande unaeleza nini. Kulia huandikwa fedha ilikotoka, kushoto huandikwa ilikokwenda. Kila tukio la biashara lina sehemu zote mbili, ndiyo maana huandikwa mara mbili kwa kiasi kilekile.

Tuseme mtu anafungua duka la kutoa kopi jirani na chuo kimoja mjini Morogoro. Anatoa shilingi 2,000,000 mfukoni mwake na kuziweka kwenye kasha la duka. Katika vitabu, duka ni kitu kimoja na mwenyewe ni mtu mwingine. Fedha imetoka kwa mwenyewe, kwa hiyo akaunti ya mtaji inapata krediti ya 2,000,000. Imekwenda kwenye kasha, kwa hiyo fedha taslimu inapata debiti ya 2,000,000. Hapa utaona kwamba mtaji nao ni aina ya dai: duka likifungwa leo, mwenyewe ndiye atakayeuliza fedha yake iko wapi. Mtaji na madeni viko kulia kwa sababu hiyo moja. Vyote viwili vinaonyesha mali ya duka imetoka kwa nani. Mlinganyo wa darasani unasema hilo tu:

Mali = Madeni + Mtaji

Sasa ananunua mashine ya kopi kwa 1,500,000. Analipa 900,000 taslimu, na 600,000 zilizobaki anakopeshwa na muuzaji. Mashine inapata debiti ya 1,500,000, maana huko ndiko thamani ilikokwenda. Vyanzo ni viwili: kasha, ambalo linapata krediti ya 900,000 na kupungua, na muuzaji, ambaye akaunti yake ya deni inapata krediti ya 600,000 na kuongezeka. Krediti imepunguza kitu kimoja na kuongeza kingine katika tukio lilelile. Aliyekariri kwamba krediti maana yake ni kupunguza hukwama papo hapo.

Mwezi unapita na duka linaingiza 400,000 taslimu kwa kutoa kopi. Kasha linapata debiti ya 400,000. Na chanzo? Hakuna aliyekopesha, wala mwenyewe hakuongeza hata senti. Fedha imetokana na kazi ya duka, na faida ya kazi hiyo ni haki ya mwenyewe. Kwa hiyo mapato yanakuza dai lake, na yanaandikwa upande uleule wa mtaji. Tungeweza kuyaandika moja kwa moja kwenye akaunti ya mtaji na hesabu ingekubali. Tunayatenga kwa sababu mwisho wa mwaka tunataka kujua duka limeingiza kiasi gani. Udugu wa mapato na deni basi ni huu tu, kwamba vyote ni vyanzo. Tofauti yao ni kwamba deni ni la mtu wa nje, na mapato ni ya mwenye duka.

Gharama ndiyo inayowatesa wengi zaidi, na vitabu vingi vya kiada huipita mbio. Vinasema gharama hupunguza mtaji, mtaji hupungua kwa debiti, kwa hiyo gharama ni debiti. Ni kweli, lakini kuna njia ya kuuona ukweli huo kwa macho. Mwenye nyumba anadai kodi ya pango ya miezi mitatu mbele, 150,000 kwa mwezi, jumla 450,000. Siku duka linapolipa, kasha linapata krediti ya 450,000, na debiti inakwenda kwenye akaunti ya pango lililolipwa kabla. Akaunti hiyo ni mali kabisa, kwa kuwa duka lina haki ya kukaa miezi mitatu bila kudaiwa. Mwezi wa kwanza ukiisha, theluthi moja ya haki hiyo imekwisha kutumika. Mhasibu anatoa 150,000 kwenye mali hiyo kwa krediti na kuihamishia kwenye gharama ya pango kwa debiti. Shilingi zilezile zimebaki kushoto, zimebadili jina tu. Gharama ni mali iliyokwisha kuliwa. Mali inajibu kwamba fedha ilikwenda hapa na faida yake bado ipo, na gharama inajibu kwamba ilikwenda hapa na faida yake imekwisha.

Tufunge mwezi. Kushoto kuna fedha taslimu 1,050,000, mashine 1,500,000, pango lililolipwa kabla 300,000 na gharama ya pango 150,000. Jumla ni 3,000,000. Kulia kuna deni la muuzaji 600,000, mtaji 2,000,000 na mapato 400,000. Jumla ni 3,000,000. (Uchakavu wa mashine tumeuacha makusudi, una somo lake.)

Sasa chukua kosa la kawaida: mapato yameandikwa debiti, na kasha nalo debiti. Kushoto kutasoma 3,400,000 na kulia 2,600,000. Tofauti ni 800,000, na nusu yake ni 400,000. Urari ukikataa, gawa tofauti kwa mbili kisha utafute kiasi hicho vitabuni. Mara nyingi ni kitu kilichoandikwa upande usio wake. Lakini usiuamini urari kupita kiasi. Ukigeuza tukio zima, mapato debiti na kasha krediti, pande zote mbili zitasoma 2,600,000 na urari utakubali. Kitakachokuumbua ni kuhesabu noti: leja itasema kashani mna 250,000, kumbe mna 1,050,000. Akaunti ya mapato nayo itakuwa na baki la debiti, jambo ambalo peke yake linatosha kukushtua.

Limebaki fumbo la benki. Unaweka fedha, na taarifa ya benki inaandika krediti, ilhali mwalimu alisema fedha ikiongezeka ni debiti. Hakuna aliyekosea. Karatasi ile imenakiliwa kutoka vitabu vya benki, si vyako. Kwa benki, fedha yako ni deni inalodaiwa na wewe, na deni huongezeka kwa krediti. Katika vitabu vyako fedha hiyohiyo ni mali, nawe uiandike debiti. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, jiulize kwanza umeshika vitabu vya nani, ndipo uulize fedha imetoka wapi na imekwenda wapi.