Amana ya Mhariri: Namna ya Kukabidhi Filamu Isiyokwisha

Mhariri wa filamu anayelazimika kuiacha kazi kabla haijafikia hatima yake humkabidhi mwenzake diski, faili la mradi lililomo ndani yake, na waraka wa kurasa mbili au tatu. Na katika vitu hivyo vitatu, waraka ndio aghalabu huandikwa kwa haraka kuliko vyote, ilhali ndio pekee wenye kubeba lile ambalo mashine haiwezi kulisema. Faili la mradi humwonyesha mgeni kila klipu ilipo na kila mkato ulipopita, walakini halimwambii kwa sababu gani mkato ule ulipita pale, wala halimbainishii marekebisho yaliyokamilika na yale yaliyoachwa nusu, kwa kuwa machoni pa programu mkato uliokusudiwa na mkato uliosahauliwa ni kitu kimoja.

Nitaueleza waraka wa namna hiyo kwa kuufuata mmoja nilioukabidhi kwa mwenzangu katika chumba chetu cha kuhariria kilichoko ghorofani, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Filamu yenyewe ni ya kumbukumbu, ya dakika zisizofika 30, na yahusu wafanyabiashara wa Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo alilolibuni msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua tarehe 10 Julai 2021. Picha zake ni za makundi mawili: zile zilizopigwa na wenyewe wafanyabiashara kwa simu zao kabla ya moto, nyingi zikiwa za sakafu ya chini ya ardhi inayojulikana kwa jina la shimoni, na zile tulizozipiga sisi kwa kamera baada ya moto.

Mgawanyo huo ndio uliotawala upangaji wa bini, yaani yale mafolda ya ndani ya programu ambamo mhariri huzitenga klipu zake. Wahariri wengi huzipanga kwa tarehe ya kupigwa au kwa kamera, na kwa harusi au wimbo wa muziki utaratibu huo hautii mtu hasarani. Lakini katika filamu hii picha ya gunia la vitunguu la mwaka 2019 na picha ya gunia la vitunguu la mwaka 2022 hufanana mno zikitazamwa kwa sekunde mbili tatu, na mhariri mgeni anayetafuta picha ya kuziba pengo aweza, pasi na kukusudia, kuiweka ya baada ya moto katika maelezo ya kabla ya moto. Mtazamaji wa mbali hatatambua, ila mtu wa Kariakoo atatambua papo hapo, na tangu hapo hataiamini filamu. Kwa hiyo kila bini ilianza kwa neno KABLA au BAADA, hata zile za sauti tupu, na waraka ukaeleza sababu katika sentensi mbili ili mwenzangu asizipange upya kwa kudhani kwamba ni mazoea ya mtu aliyemtangulia.

Bini moja ilikuwa nje ya utaratibu huo, nayo iliitwa USITUMIE. Ndani yake mlikuwa na klipu za mama lishe mmoja aliyekuwa ameridhia kuonekana, kisha akarejea baadaye kuomba atolewe, jambo ambalo ni haki yake na halihitaji maelezo. Mtu akiiona bini yenye jina hilo hudhani kwamba maadamu klipu zimetengwa, basi zimekwisha kutoka katika filamu. Kumbe kuihamisha klipu kutoka bini moja kwenda nyingine hakuuondoi hata mkato mmoja katika taimulaini. Bini ni mahali pa kutafutia tu. Lililokwisha kukatwa likatiwa katika toleo hubaki katika toleo lile mpaka mtu alifungue alitoe kwa mkono wake, na ndiyo maana suala la mama huyu haliwezi kuelezwa bila kuyaeleza matoleo.

Waraka uliyataja matatu tu yenye uhai, kama yalivyoandikwa ndani ya mradi:

```
KKOO_v07_MTAYARISHAJI
KKOO_v08_FUPI
KKOO_v09_MWANZO_WA_ZAMANI
```

Toleo la 7 ndilo lililopelekwa kwa mtayarishaji, naye akalitazama na kuandika maoni yake akiyafunga kwa dakika na sekunde. Toleo la 8 lilizaliwa kutoka la 7: mwanzo wake ulipunguzwa sekunde 40, na mama lishe akatolewa, mahali pake pakawekwa picha ya mbali ya mtaa yenye urefu uleule, ili yaliyofuata yasisogee. Kisha mwongozaji akautaka mwanzo wa zamani urudi, na njia nyepesi ikawa ni kurudi kwenye toleo la 7 na kulizaa toleo la 9 kutoka hapo. Msomaji aone kilichotokea. Namba 9 ni kubwa kuliko 8, na mtu yeyote mwenye akili timamu hudhani kwamba lenye namba kubwa limerithi mazuri yote ya lililotangulia. Walakini 9 si mtoto wa 8, ni ndugu yake, wote wawili wakiwa wamezaliwa na 7, na marekebisho yaliyofanywa kwa ndugu mmoja hayamfikii mwingine. Mama lishe aliyetolewa katika 8 yumo bado katika 9, kwenye dakika ya 14 na sekunde 22.

Kwa hiyo haitoshi waraka kuandika namba za matoleo na tarehe zake. Sharti uandike, mbele ya kila toleo, limetoka katika lipi, limepelekwa kwa nani, na limebeba marekebisho gani ambayo mengine hayakuyabeba. Faida nyingine hujitokeza katika maoni ya mtayarishaji. Maoni yale yaliandikwa kwa saa ya toleo la 7, basi yasomwapo juu ya toleo la 9 hukubaliana nalo, maana mwanzo wao ni mmoja. Ila yakisomwa juu ya toleo la 8 kila moja lililo baada ya mwanzo huwa limepotoka kwa sekunde 40, na neno lililokusudiwa kwa 12:10 sharti litafutwe kwenye 11:30. Mtu asiyelijua hilo hurekebisha mkato usio na kosa na kuuacha wenye kosa, tena kwa moyo safi kabisa.

Sasa nije kwenye rekebisho lililonishughulisha kuliko yote, ambalo pia ndilo lililobaki nusu. Nchi yetu hutumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na filamu yetu, kama ilivyo desturi ya televisheni za kwetu, huenda kwa fremu 25 kwa sekunde. Simu ya mkononi, kinyume chake, husema kwamba inapiga fremu 30, lakini haishikamani na kauli hiyo: mwanga ukipungua, nyingi katika simu hizo huipa kila fremu muda mrefu zaidi wa kunywa mwanga, na idadi ya fremu katika sekunde hushuka bila mpigaji kuarifiwa. Shimoni mlikuwa na giza. Mfanyabiashara aliyetembea kutoka ngazini penye jua mpaka kwenye magunia ya ndani aliirekodi klipu moja yenye mwendo zaidi ya mmoja, na programu ya kuhariri, ikidhani kwamba mwendo ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, huiacha picha iachane na sauti yake kidogo kidogo.

Kuna njia ya kulitambua gonjwa hili na kulitenga na jingine linalofanana nalo. Tazama midomo ya msemaji anapotamka neno lenye herufi ambayo kwayo midomo hufumbwa, mathalani bei au pesa. Sauti ya herufi ile yapasa isikike pale pale midomo inapoachana. Ikiwa picha imetangulia au imechelewa kwa kiasi kile kile mwanzoni na mwishoni mwa klipu, basi klipu imesogezwa tu, na kuirudisha mahali pake kwatosha. Ikiwa mwanzoni ni sawa na mwishoni si sawa, basi tatizo ni mwendo. Hapo wengi huishika klipu nzima wakaivuta au wakaibana kwa asilimia fulani mpaka mwisho wake ukubaliane, na mwisho hukubali kweli, lakini katikati huharibika, kwa sababu upotevu haukutokea kwa kadiri moja bali ulitokea gizani tu.

Tiba ni kuigeuza klipu nje ya programu, kwa amri inayousoma muda halisi wa kila fremu na kuandika faili jipya lenye fremu 25 zisizobadilika:

```
ffmpeg -i SIMU_012.mp4 -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 2 -c:a pcm_s16le SIMU_012_25.mov
```

Faili jipya ni zito, karibu gigabaiti 1 kwa kila dakika ya picha ya kimo cha 1080, na mwendo wa vitu vinavyopita kwa haraka huonyesha kushtuka kidogo, kwa kuwa fremu nyingine zimeachwa njiani. Katika picha za simu za sokoni nimeona kasoro hiyo yavumilika, lakini midomo isiyoafikiana na sauti haivumiliki. Klipu za shimoni zilikuwa 18. Kumi na moja za mwanzo ziligeuzwa na kutiwa katika toleo la 9 mahali pa zile za awali, na saba hazijageuzwa, kwa sababu diski ilijaa na diski mpya ilikuwa haijanunuliwa.

Hali hii ya nusu kwa nusu ndiyo ya hatari kuliko ile ya kutofanya lolote. Anayelipokea toleo la 9 akitazama dakika tano za mwanzo ataona kila kitu kimetulia, ataamini kwamba kazi ilikamilika, na hatatazama tena. Kwa hiyo waraka ulitaja mpaka wenyewe: jina la klipu likiishia kwa `_25` imegeuzwa, lisipoishia hivyo bado, klipu ya 12 hadi ya 18 ndizo zilizobaki, na klipu ikibadilishwa katika taimulaini, kila mkato wake utazamwe upya kwa macho, kwani fremu iliyokuwa ya kwanza katika mkato wa zamani haitakuwa ile ile katika faili jipya. Mafaili ya awali ya simu nayo yasifutwe kwa ajili ya kupata nafasi. Matoleo ya 7 na 8 bado yanayategemea, na wenye simu zile wengi wao wamekwisha kuziuza.

Limebaki jambo la wimbo. Katika klipu moja ya BAADA, duka la simu lililo nyuma ya msemaji linapiga bongo fleva kwa sauti kubwa, na mikato miwili ndani ya maneno ya msemaji inasikika wazi, maana wimbo unaruka. Nilianza kuifunika kwa kelele za mtaa kutoka bini ya sauti, nikaacha, si kwa kukosa muda, bali kwa sababu mtayarishaji amemwandikia mwenye wimbo kuomba ruhusa, na jibu ndilo litakaloamua kama wimbo usikike sawasawa au uondoke kabisa pamoja na maneno yaliyo juu yake. Hilo nililiandika mwishoni mwa waraka, chini ya utaratibu wa kazi: kwanza mama lishe atolewe katika toleo la 9, kabla ya toleo hilo kutolewa nje hata kwa majaribio; pili klipu saba zigeuzwe; na klipu ya wimbo isiguswe mpaka jibu lifike kwa maandishi.