Jina Ambalo Mnunuzi wa Kiwanja Anaweza Kulifuatilia

Ukitoka Bunju kuelekea Mapinga kwa barabara ya Bagamoyo, mabango ya viwanja hayaishi. Majina yake yanafanana mno: ya kifalme, ya dhahabu, ya hadhi ya juu, mengi yakiwa ya Kiingereza. Mnunuzi aliyedunduliza miaka mingi ili apate kiwanja kimoja huyapita yote, na akifika nyumbani hakumbuki hata moja. Kwani yamemwambia nini? Hayamtajii mtu, mahali wala kitu anachoweza kwenda kukihakiki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaka na dada wana eneo lililopimwa Mapinga na wanaanzisha kampuni ya kuuza viwanja. Jina la kwanza wanalolifikiria ni “Taifa Makazi”. Linavutia kwa sababu linanukia serikali, na ubaya wake uko hapo hapo. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962. Mteja akidhani ananunua kwa shirika hilo, kisha akagundua sivyo, atajiona ametapeliwa hata kama kiwanja chake ni halali kabisa. Tena Msajili wa Makampuni, aliye chini ya BRELA, ana mamlaka ya kukataa jina analoona halifai.

Wakaja na “Hati Mkononi”. Hili ni hatari zaidi, ingawa wengi wangelipenda. Hati haitolewi na muuzaji. Ardhi iliyopimwa na kupangwa, hati yake husainiwa na Kamishna wa Ardhi, baada ya ramani ya upimaji kuidhinishwa na ada kulipwa. Kampuni inaweza kufuatilia, lakini haiwezi kuamua siku. Hati ikichelewa, kila bango lao litakuwa linawasuta. Na wakija kuuza mashamba kwenye ardhi ya kijiji, ambako kuna hakimiliki ya kimila inayotolewa na halmashauri ya kijiji, jina litakuwa linamwahidi mteja hati asiyoifikiria.

“Mapinga Viwanja” ni jina la kweli, na mimi ningelichagua mbele ya hayo mawili. Shida ni pale viwanja vya Mapinga vitakapoisha, kampuni ihamie Chalinze au Dodoma. Ndipo dada akapendekeza jina la ukoo wao, likifuatwa na neno “Ardhi”. Nadhani alilenga vizuri. Anayeweka jina la ukoo kwenye bango amejiweka mahali pa kuulizwa, maana majirani wanajua kwao. Gharama yake ni kwamba ndugu wakigombana, au mmoja akiuza hisa zake kwa mgeni, jina litabaki likidhamini watu wasiokuwepo.

Kabla ya kulipeleka kusajiliwa, walimpigia simu shangazi yao, wakamtajia jina mara moja na kumwomba aliandike. Akaandika “Aridhi”. Hilo si jambo dogo. Mteja aliyeko Maskati au Dubai hulitafuta jina kwa kuliandika kwenye simu, na herufi moja ikizidi anaweza kuangukia ukurasa wa mwingine. Waliondoa “Ardhi” wakaweka “Viwanja”, neno ambalo kila mtu huliandika sawasawa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kulitafuta jina kwenye mfumo wa BRELA, kuona kama halijachukuliwa au halifanani mno na la mwingine. Hapa wengi huteleza, kwa kuwa kuna usajili wa namna mbili. Jina la biashara halizai mtu wa kisheria. Anayeuza, na wa kushtakiwa, ni mwenye biashara mwenyewe, naye lazima atajwe kwenye mkataba. Kampuni yenye “Limited” mwishoni ni mtu kisheria, ina cheti na namba yake, na inaweza kushtakiwa kwa jina lake. Bango likiandikwa “Limited” ilhali kilichosajiliwa ni jina la biashara tu, mnunuzi ana haki ya kutia shaka.

Jina likishapatikana, lisomeke vilevile kwenye mkataba, risiti, akaunti ya benki na lipa namba. Mteja anayetuma mamilioni akaona skrini inamtajia jina la mtu binafsi asiyemjua, husita, na anafanya vyema kusita. Kaka alitaka fedha zipitie akaunti yake kwa muda, kwa kuwa ya kampuni ilikuwa haijafunguliwa. Dada alikataa kupokea malipo hadi ikafunguliwa.

Jina hata hivyo linaweza kubadilishwa kwa azimio la wanahisa, na wapo wanaolibadilisha ili madai ya zamani yapotee. Namba ya usajili haibadiliki. Ndiyo maana kaka na dada waliipaka kwenye bango, chini ya jina, kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka kutoka kwenye daladala.