Laini Iliyokatwa Saa 8 Usiku

"Fundi, wa mchana leo tena hawakupata ujumbe." Sauti ya muuguzi kwenye simu ilikuwa ya upole, lakini nilijua nyuma yake kuna benchi lililo nusu tupu. Kliniki hiyo ina programu inayowatumia wagonjwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha miadi yao. Hufanya kazi kimyakimya, bila mtu kuifungua wala kuifunga, mara 3 kwa siku: saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Kati ya zamu na zamu inalala.

Ujumbe wa saa 6 na wa saa 12 ulikuwa ukienda vizuri. Wa saa 2 asubuhi ndio uliokuwa ukipotea, kila siku. Kwenye logi, saa 08:00 kamili, palikuwa na mstari huu:

```
OperationalError: (2006, 'MySQL server has gone away')
```

Maana yake ni kwamba seva ya hifadhidata imeondoka. Nikaingia kwenye seva, nikaikuta ipo. Hata haikuwa imezimika usiku, kwa kuwa amri ya `SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Uptime'` ilionyesha imewaka kwa majuma kadhaa mfululizo. Hapo ndipo wengi hupotea njia: hulaumu mtandao au umeme, huwasha upya kila kitu, na tatizo hutulia mpaka kesho yake.

Ukweli ni kwamba seva haikwenda popote. Iliyokatwa ni laini kati yake na programu. Programu inapowaka hufungua muunganisho na hifadhidata, kama mtu anayepiga simu na kuiacha hewani. MySQL haikubali simu ikae wazi milele bila neno. Ina kipimo kinachoitwa `wait_timeout`, na kama hujakigusa ni sekunde 28,800, yaani saa 8. Ukimya ukizidi hapo, seva inakata.

Sasa hesabu. Toka saa 2 asubuhi hadi saa 6 ni saa 4. Toka saa 6 hadi saa 12 jioni ni saa 6. Zote ziko ndani ya kipimo. Lakini toka saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi ni saa 14. Laini ilikatwa saa 8 usiku, programu ikiwa usingizini, na kwa kuwa haikuwa ikisikiliza, haikujua. Iliamka asubuhi, ikauliza orodha ya wagonjwa kwenye laini iliyokufa, ikaanguka. Mfumo wa kompyuta ukaiwasha upya papo hapo, ikafungua laini mpya na kungoja zamu ya saa 6. Ndiyo maana mchana kila kitu kilionekana kizima. Tovuti ya kliniki, iliyotumia hifadhidata hiyohiyo, haikuwahi kusumbua, kwa sababu hufungua laini mpya kila mtu anapoomba ukurasa.

Ukitaka kuhakikisha, andika `SHOW PROCESSLIST`. Muunganisho wa programu utauona umeandikwa `Sleep`, na pembeni sekunde zake za ukimya zikipanda. Ukikagua kipimo chenyewe, tumia `SHOW GLOBAL VARIABLES LIKE 'wait_timeout'`. Neno `GLOBAL` usiliache, maana bila hilo dirisha la amri linakuonyesha kipimo chake lenyewe, ambacho huenda si kile kinachoihusu programu. Seva ya kliniki ilikuwa toleo la 5.7. Kuanzia 8.0.24, seva inaweza kutoa kosa namba 4031, linalosema wazi kuwa mteja amekatwa kwa kukaa kimya.

Mwenzangu alipendekeza tuongeze kipimo kiwe siku nzima. Sikukubali. Kipimo hicho kingeziacha wazi laini zote zilizosahaulika, si ya programu hii tu, na seva kwa kawaida hupokea 151 kwa pamoja. Kuna pia ujanja wa kuifanya programu ijiunganishe yenyewe kila laini inapokatika. Huo nauogopa zaidi: laini ikikatika katikati ya kazi, mabadiliko ambayo hayajathibitishwa hufutwa, na programu ikirudia bila kujua, mgonjwa mmoja hupata ujumbe mara mbili.

Tulichofanya ni kuhamisha mistari michache. Kwanza usingizi, kisha laini, kisha kazi, kisha kuifunga:

```python
while True:
    subiri_zamu()
    db = MySQLdb.connect(**mipangilio)
    try:
        tuma_vikumbusho(db)
    finally:
        db.close()
```

Kufungua laini huchukua muda mfupi mno, na kwa programu inayoamka mara 3 kwa siku hakuna anayeuhisi. Kabla ya kuipeleka kliniki niliijaribu kwenye kompyuta yangu, kipimo nikakishusha hadi sekunde 60 na usingizi nikauweka dakika 2. Programu ya zamani ilianguka kila ilipoamka. Mpya ilituma orodha yote, na ilipolala, `SHOW PROCESSLIST` haikuwa na mstari wake hata mmoja.