Mwanafunzi wa 45 Yuko Wapi?

Jedwali la matokeo ya Hisabati linaonyesha A 4, B 6, C 16, D 11 na F 7. Ukijumlisha unapata 44, ilhali karatasi zilizosahihishwa ni 45. Tuseme hili ni darasa la kidato cha tatu katika shule ya sekondari Tanzania, lenye wanafunzi 48, na watatu kati yao hawakufanya mtihani. Mmoja aliyefanya hayumo katika daraja lolote.

Mipaka ya madaraja ni ile inayotumika katika mtihani wa kidato cha nne: A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Alama za darasa zimeandikwa katika Excel kuanzia seli C2 hadi C49. Kuhesabu A ni kazi ya sharti moja tu:

```
=COUNTIF($C$2:$C$49,">=75")
```

Fomula hii inapita kila seli na kuhesabu zile zenye 75 au zaidi. Sharti lazima liwe ndani ya alama za kunukuu. Daraja C lina mipaka miwili, ya chini na ya juu, kwa hiyo linahitaji COUNTIFS, ambayo huhesabu seli iliyotimiza masharti yote kwa pamoja. Hapa ndipo mwanafunzi wetu alipopotelea. Mwalimu aliandika ">=45" na "<=64", kisha B akaianzishia ">=65", kama mipaka inavyosomeka ubaoni. Lakini alama hizi ni wastani wa majaribio mawili, na aliyepata 63 na 66 ana wastani wa 64.5. Amezidi 64 na hajafika 65, hivyo hakuna fomula inayomwona.

Dawa yake ni kuandika mpaka wa juu kwa kutumia mwanzo wa daraja linalofuata:

```
=COUNTIFS($C$2:$C$49,">=45",$C$2:$C$49,"<65")
```

Sasa C ni 17 na jumla ni 45. Linabaki swali la haki, na hilo kompyuta hailiamui. Ikiwa seli imepangwa kuonyesha namba bila desimali, 64.5 itasomeka 65, na mwanafunzi atauliza kwa nini amepewa C. Shule iamue mapema kama wastani utakadiriwa hadi namba nzima. Ikiamua hivyo, ukadiriaji ufanywe kwa ROUND kwenye alama yenyewe, kwa sababu COUNTIFS husoma thamani iliyomo, si ile inayoonekana machoni.

Kwenye asilimia, jambo zito ni kuchagua namba ya kugawia. COUNT huhesabu seli zenye namba pekee. Basi wale watatu wakiandikiwa X, darasa linahesabiwa kuwa na watahiniwa 45. Idadi ya A ikiwa katika F2, asilimia yake ni hii:

```
=F2/COUNT($C$2:$C$49)
```

Kitufe cha % ndicho kinachogeuza jibu kuwa asilimia 8.9; hakuna haja ya kuzidisha kwa 100. Mfululizo mzima unakuwa A 8.9, B 13.3, C 37.8, D 24.4 na F 15.6. Waliopata A hadi C ni 27, yaani asilimia 60 kamili.

Wasiofanya mtihani wakiandikiwa sifuri badala ya X, mambo yanageuka. Excel inawahesabu kuwa wamepata F: idadi ya F inapanda kutoka 7 hadi 10, kigawanyo kinakuwa 48, na F inaruka hadi asilimia 20.8. Mzazi anayesoma taarifa hiyo ataamini kwamba mwanafunzi mmoja kati ya watano alishindwa Hisabati, wakati watatu kati yao huenda walikuwa wagonjwa nyumbani.

Zile alama za dola nazo zina kazi. Bila hizo, fomula ya asilimia ikiburutwa kutoka mstari wa A hadi wa F, eneo linateremka nayo na kuwa C6:C53. Wanafunzi wanne wa kwanza wanaachwa nje, na kama wote walifanya mtihani, F inagawanywa kwa 41 na kutoa 17.1. Hakuna onyo lolote linalotokea, ila asilimia zote zikijumlishwa zitazidi 100.

Kuna kosa moja ambalo jumla haiwezi kulifichua: alama iliyoingia kama maandishi, mara nyingi baada ya kunakiliwa kutoka faili jingine. COUNTIFS yenye ">=" huiruka, na COUNT pia huiruka, kwa hiyo namba zote mbili zinalingana huku mtu mmoja akikosekana. Kwa kawaida alama kama hiyo huegemea kushoto mwa seli wakati namba halisi huegemea kulia. Njia ya uhakika zaidi ni kulinganisha jibu la COUNT na idadi ya karatasi zilizosahihishwa, zikihesabiwa kwa mkono.