Matunzo ya mbwa mjamzito na anayenyonyesha

Matunzo ya mbwa mjamzito na anayenyonyesha ni ulishaji na uangalizi wa mbwa jike tangu apate mimba hadi watoto waache kunyonya. Mimba yake huchukua takriban siku 63.

Katika wiki tano za kwanza mbwa hula kama kawaida. Baadaye chakula huongezwa kidogo kidogo, kikigawanywa katika milo midogo. Akinyonyesha watoto wengi, mbwa aliyezoea gramu 200 kwa siku anaweza kuhitaji gramu 400 hadi 800, pamoja na maji wakati wote.

Kumpa vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba ni kosa. Kalsiamu ikizidi, tezi ndogo za shingoni zinazoamuru mifupa kuitoa hupunguza kazi. Maziwa yanapoongezeka, haziwezi kufidia upungufu haraka.

Upungufu huo huwapata hasa mbwa wadogo wenye watoto wengi, wiki mbili hadi nne baada ya kuzaa. Mbwa huhangaika, hutweta, hutembea kwa kukakamaa na kutetemeka, kisha hupata degedege na anaweza kufa. Watoto hutengwa naye mara moja, na daktari wa mifugo humdunga kalsiamu polepole mshipani huku akipima mapigo ya moyo.

Uambukizo wa matiti huonekana tofauti: titi huvimba, huwa gumu, la moto na lenye maumivu, na maziwa huweza kuwa na usaha au damu. Watoto wanaolialia bila kuongezeka uzito huweza kuwa dalili ya kwanza. Daktari hutibu kwa antibiotiki.