Ada Sifuri, Lakini Mama Anapokea Ngapi?

Matangazo ya programu za kutuma pesa kutoka Uingereza kwenda Kenya hupenda ahadi mbili: "papo hapo" na "bila ada". Ya pili ndiyo yenye mtego, kwani faida inaweza kufichwa kwenye kiwango cha kubadilishia fedha. Tuseme sokoni pauni 1 ni shilingi 170. Programu isiyotoza ada inakupa 164, hivyo pauni 100 zinaingia M-Pesa zikiwa shilingi 16,400. Nyingine inakata pauni 1 lakini inatoa 169. Mama anapokea 16,731. Kasi mara nyingi ni ya kweli, ila uhakiki wa kitambulisho unaweza kuuchelewesha muamala wa kwanza. Kabla ya kubonyeza, linganisha shilingi zitakazofika.