Mkono wa nani huo? Kushikwashikwa ndani ya basi lililojaa

Basi la mwendokasi likiondoka Kimara Mwisho asubuhi kuelekea Kivukoni, waliosimama huwa wamebanana hata kugeuka ni kazi. Daladala za jioni nazo ni hivyo hivyo. Mwanamume mwenye nia mbaya anaitegemea hali hiyo. Anapapasa makalio, anajisugua kwa nyuma, anapitisha kiwiko kifuani, na akitazamwa ana jibu tayari: gari limejaa, dada, nifanyeje? Abiria wengine wakisikia hivyo hawajui wamwamini nani, basi wananyamaza. Kinachomlinda ni shaka hiyo, kwa hiyo kila hatua nitakayoieleza hapa imelenga kuiondoa.

Shaka ya kwanza ni ya mwanamke mwenyewe: hivi ni bahati mbaya, au ni makusudi? Mguso wa bahati mbaya unafuata mwendo wa gari. Dereva akikanyaga breki watu wanakulalia, gari likitulia wanarudi, na mara nyingi utasikia pole. Mguso wa makusudi unafuata mwili wako. Jaribu kusogea nusu hatua, au geuka ukae kiubavu, kisha weka mkoba katikati yako na aliye nyuma. Kama mkono ulikuwa wa bahati mbaya, utabaki ulipokuwa. Ukikufuata, ukauzunguka mkoba, au ukarudi pale pale wakati gari limesimama kwenye foleni, una jibu lako. Jaribio hilo ni la sekunde chache na halihitaji umwambie mtu neno.

Wanawake wengi hulaumiwa, na wengi zaidi hujilaumu, kwamba hawakupiga kelele. Mwili ukishtuka ghafla unaweza kuganda: sauti inakwama, miguu inakuwa mizito, akili inaona kila kitu lakini haitoi amri. Hiyo ni namna mwili unavyopokea hofu, na haina uhusiano wowote na kukubali. Mtu anayemwambia binti yake "kwa nini hukusema?" anamwongezea jeraha. Kinachosaidia ni kuwa na sentensi moja uliyoizoea kabla, uliyoitamka kwa sauti nyumbani, ili siku ya shida usianze kutafuta maneno.

Sentensi hiyo iwe na mambo matatu: nani, anafanya nini, na unataka afanye nini. Tuseme dada amesimama karibu na mlango wa kati, gari limepita Manzese, na mkono umemfuata mara ya pili. Anageuza uso na kusema kwa sauti ya kusikika viti vitatu mbele: "Wewe kaka wa shati la bluu, umenishika makalio. Toa mkono wako, rudi nyuma." Hakuuliza "unafanya nini?", kwa sababu swali linampa mtu nafasi ya kujibu. Hakutukana, kwa sababu tusi lingegeuza jambo kuwa ugomvi wa watu wawili. Ametaja shati, na hapo abiria wote wanajua wamtazame nani. Akijitetea, dada hana haja ya kubishana. Anarudia sentensi ile ile, kisha anasogea walipo wanawake wenzake au anamwita dereva.

Naomba hapa nisisitize jambo moja: usiite "mwizi!" ili upate msaada wa haraka. Sote tunajua kelele hiyo inaleta nini katika miji yetu. Mtu anaweza kuuawa kabla hujamaliza kueleza, na katika msongamano huo anaweza kuwa siye. Hakikisha kwa macho mkono unatoka kwa nani kabla ya kumtaja. Kama huna uhakika, sema tu: "Kuna mtu ananishika hapa, naomba nafasi nipite." Mwenye mkono atajua kwamba ameonekana.

Ipo pia hali ambayo kunyamaza na kuondoka ndiyo busara. Gari la mwisho usiku likiwa na abiria wachache, wanaume wakiwa kundi, mhusika akiwa amelewa, au konda mwenyewe akiwa ndiye mkosaji, usimkabili. Sogea karibu na wanawake au familia, piga simu kwa mtu na utaje kwa sauti njia na kituo ulichopo. Usishuke mahali penye giza kwa sababu tu unataka kumkimbia, maana anaweza kushuka nyuma yako. Shuka penye watu na taa, na kama unahisi unafuatwa, ingia dukani au nenda kituo cha polisi badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani.

Sasa abiria mwenzangu uliyeona. Wengi hukaa kimya wakidhani kusaidia maana yake ni kumkunja mtu shati. Njia iliyo salama zaidi humgeukia mwanamke na kumwacha mkosaji pembeni. Mwite kama unamfahamu: "Shoga, mbona umesimama huko? Njoo huku!" Au simama umpishe kiti, au penya ukae katikati yao na uulize kituo kinachofuata ni kipi. Mkosaji anapoteza nafasi bila kupewa ugomvi wa kuanzisha. Ukiona hali ni nzito, mwombe mwingine msaidiane, na mtaje mmoja mmoja: "Baba mwenye kofia, tusaidie hapa, mwambie konda." Ukiwaambia watu wote kwa pamoja, kila mmoja atamsubiri mwenzake.

Ukirekodi kwa simu, elekeza kamera kwa mkosaji na namba ya gari, kamwe si kwa mwili wa mwanamke. Mpe yeye video hiyo aamue. Kuirusha mitandaoni bila ridhaa yake ni kumdhalilisha mara ya pili. Na gari likishatulia, muulize kwa upole: "Uko salama? Unataka nifanye nini?" Yeye ndiye anayeamua kama ataripoti.

Akiamua kuripoti, sheria ya Tanzania iko upande wake. Mabadiliko yaliyoletwa mwaka 1998 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana yaliweka wazi ndani ya Kanuni ya Adhabu kwamba shambulio la aibu ni kosa, na vilevile bughudha ya kingono kwa maneno au vitendo, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 nayo inaadhibu kitendo cha kumgusa mtu matiti, makalio au sehemu za siri bila ridhaa yake.

Kikwazo kikubwa ni ushahidi. Gari linaondoka na mashahidi wake. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kituoni, andika kwenye simu saa, njia, namba ya gari, mavazi ya mhusika na alichofanya, kwa maneno ya kawaida. Kama amekuchafua nguo, usiifue. Iache ikauke, iweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki unatunza unyevu na unaharibu vielelezo. Nenda kituo cha polisi uombe Dawati la Jinsia na Watoto, na ukitaka nenda na mtu wa kukaa nawe.

Zaidi ya yote, chukua jina na namba ya simu ya abiria mmoja aliyeona. Nawe uliyeona, dada akikufuata pale kituoni na kukuomba namba, mpe, na simu ya polisi ikija, pokea.